Dalali Alisema Mita 70

Malalamiko mengi ya wapangaji dhidi ya madalali huishia hewani kwa sababu moja. Mpangaji anafika kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akiwa na hasira ya haki kabisa, anasema ametapeliwa, na anapoulizwa dalali alimwambia nini hasa, anajibu kwamba alimwambia nyumba ni nzuri. Hapo mwenyekiti hana pa kushika. Nyumba nzuri ni maoni. Dalali anaweza kusimama mbele ya watu na kusema yeye bado anaiona nzuri, na hakuna atakayeweza kumpinga.

Kuna maneno mengine ambayo dalali akiyasema hawezi kuyageuza maoni tena. Ukubwa wa nyumba, luku ni ya nani, maji yanatoka wapi, ukuta unavuja au hauvuji: hayo ni mambo yanayopimika au yanayoonekana, na ama ni kweli ama si kweli. Lalamiko lenye nguvu hujengwa juu ya maneno ya aina hiyo peke yake. Lakini hata ndani ya hayo, sheria haiyapi yote uzito sawa, na mpangaji asiyejua tofauti hiyo huanza na lile lililo dhaifu kuliko yote, ambalo mara nyingi ni ukubwa wa nyumba.

Tuchukue mfano tuufuate mpaka mwisho. Mpangaji ni mama mwenye watoto wawili, amehamishiwa Dar es Salaam kikazi kutoka Dodoma. Anatafuta apatimenti ya vyumba viwili Kijitonyama. Dalali anamtumia video na maelezo kwa WhatsApp: "Dada yangu, hii ni mita za mraba 70, imetoka kufanyiwa ukarabati, haina tatizo lolote, luku yako mwenyewe." Kodi ni shilingi 700,000 kwa mwezi, inalipwa miezi sita mbele, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi ya mjini. Mama anakuja Dar Jumamosi moja, anaonyeshwa nyumba jioni kwa haraka kwa kuwa "kuna mteja mwingine njiani", anaipenda, anasaini. Jumla imemtoka shilingi 4,900,000: kodi 4,200,000 na 700,000 ya dalali. Anahamia tarehe 1 Septemba.

Wiki ya kwanza umeme wa shilingi 20,000 unakwisha kwa siku chache, ilhali nyumba haina kiyoyozi wala jiko la umeme. Wiki ya tatu dari ya korido inaanza kutoa doa la rangi ya chai. Na kitanda cha watoto kilichotoka Dodoma hakiingii kwenye chumba cha pili pamoja na kabati. Ndipo anapokumbuka zile mita 70.

Ukubwa tuumalize kwanza, kwa kuwa ndio unaobishaniwa zaidi. Mama anaazima futi kamba ya fundi na kupima kila chumba kutoka ukuta hadi ukuta, kwa ndani. Sebule ni mita 4.2 kwa 3.6. Jiko ni 2.4 kwa 2.7. Chumba cha masta ni 3.6 kwa 3.3, na bafu lake 1.5 kwa 1.8. Chumba cha watoto ni 3.0 kwa 2.7, choo cha wote ni 1.2 kwa 2.1, na korido ni 1.1 kwa 4.0. Ukizidisha na kujumlisha unapata mita za mraba 51.2. Roshani ni 1.2 kwa 3.6, yaani 4.3 hivi. Pamoja nayo ni 55.5. Kwa hiyo kutoka 70 zilizotangazwa zimepungua mita 14.5, karibu moja ya tano.

Asiyekuwa na futi kamba anaweza kuhesabu vigae vya sakafuni. Vigae vya majumbani huwa na upande wa sentimita 30, 40 au 60. Pima kimoja kwa rula ya mtoto wa shule, hesabu vilivyopo kwa urefu na kwa upana, zidisha. Chumba chenye vigae tisa vya sentimita 40 kwa upande mmoja ni mita 3.6, karibu na futi 12. Dalali akikuambia chumba ni 12 kwa 12 nawe unahesabu vigae saba na nusu, umesimama kwenye chumba cha 10 kwa 10. Jambo hili linaweza kufanyika kimyakimya mbele ya dalali wakati yeye anakuonyesha swichi za taa.

Hizo mita 70 zilitoka wapi? Hapa haki inatudai tusikimbilie kusema dalali kazitunga. Mara nyingi namba kama hiyo hutoka kwenye mchoro wa jengo, na mchoro huweza kupimwa kwa nje ya kuta. Tofali la inchi sita pamoja na lipu pande zote mbili ni ukuta wa karibu sentimita 18 au 19. Nyumba yenye vyumba vingi vidogo ina kuta nyingi, na kwa nyumba kama hii kuta peke yake zinaweza kula mita za mraba saba. Ongeza roshani, kisha fungu la ngazi na korido ya jengo ambayo wapangaji wote wanapita, na 70 inafikiwa bila mtu kutunga. Mwenye nyumba aliisikia kwa fundi, msimamizi akaisikia kwa mwenye nyumba, dalali akaisikia kwa msimamizi. Nayo video ya dalali imepigwa kwa lenzi pana ya simu, ile inayofanya sebule ionekane ukumbi wa harusi.

Kwa mpangaji, maelezo hayo hayapunguzi maumivu. Yeye amelipia mahali pa kuweka kitanda, na kitanda hakiwekwi ndani ya ukuta. Ila mbele ya msuluhishi yanabadilisha kesi, kwa sababu dalali atauliza swali moja zito: dada, si ulikuja ukaiona?

Swali hilo lina mizizi katika sheria yenyewe. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inafuata kwa kiasi kikubwa sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872. Kifungu cha 17 kinaeleza ulaghai, cha 18 kinaeleza maelezo yasiyo ya kweli yaliyotolewa na mtu aliyeamini ni ya kweli, na cha 19 kinasema mkataba uliopatikana kwa njia hizo unaweza kubatilishwa na yule aliyepotoshwa. Halafu linakuja sharti. Kama maelezo hayakuwa ya kweli lakini msemaji hakuwa na nia ya kudanganya, na mpangaji alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, mkataba haubatiliki. Mtu aliyeingia chumbani, akasimama katikati yake, akatoka na kusaini, ana kazi kubwa ya kumshawishi yeyote kwamba hakuweza kujua chumba ni kidogo. Futi kamba inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi.

Hali ingekuwa tofauti kama mama angesaini akiwa Dodoma kwa kutegemea video na maelezo tu. Wapo wengi wa namna hiyo, hasa walio nje ya nchi wanaopangisha kwa ajili ya wazazi wao. Hao hawakuwa na nafasi ya kuona, na namba waliyopewa ndiyo macho yao. Kwao lalamiko la ukubwa linasimama vizuri zaidi. Kwa mama yetu linabaki, lakini lisiwe la kwanza.

La kwanza liwe dari.

Fundi bomba anayeitwa kuangalia lile doa anafanya jambo rahisi: anaomba kwa siku tatu doa lichorwe ukingo wake kwa penseli, na iandikwe saa. Linatanuka asubuhi na usiku, saa za watu kuoga, na mvua haijanyesha hata tone. Hiyo ina maana maji yanatoka bafu la ghorofa ya juu na si paani wala dirishani. Unyevu unaopanda kutoka chini ungekuwa ukutani, kwa kawaida kwenye mita moja ya chini, ukiacha unga mweupe wa chumvi na rangi inayobambuka. Maji ya mvua yangefuata dirisha na mvua. Kila aina ina alama zake, na kujua aina ni muhimu kwa sababu ndiyo inayomwonyesha anayepaswa kutengeneza. Fundi anafungua kipande kidogo cha gipsamu. Juu yake chuma cha kushikia dari kimeshika kutu nene, na zege lina michirizi ya zamani. Kutu ya namna hiyo haiji kwa wiki tatu. Gipsamu ni mpya, rangi ni mpya, uvujaji ni wa siku nyingi.

Jirani wa mlango wa pili anaongeza neno: mpangaji aliyetangulia alihama kwa sababu hiyo hiyo, na alikuwa akimlalamikia msimamizi kila mara. Mama anapewa namba yake, anampigia, naye anakubali kuandika ujumbe mfupi kueleza lini alilalamika na kwa nani.

Hapo lalamiko limebadilika uzito. Kuficha kwa makusudi jambo ambalo mtu analijua kunatajwa ndani ya maana ya ulaghai katika kifungu cha 17. Mwenye nyumba aliyelijua vuja, akaliziba kwa gipsamu na rangi bila kutengeneza bomba, akaacha nyumba itangazwe kuwa haina tatizo, hawezi kujificha nyuma ya swali la "si ulikuja ukaiona". Kilichofunikwa hakionekani, na yule aliyefunika ndiye wa mwisho kuruhusiwa kusema ungefunua. Ndiyo maana nashauri mtu asipoteze siku zake za kwanza akibishana kuhusu mita. Atafute kwanza nani alijua nini, na tangu lini.

Luku nayo ni ya namna hiyo, na uchunguzi wake hauhitaji fundi. Mita ya umeme ina taa ndogo nyekundu inayowakawaka kulingana na matumizi. Umeme mwingi, inawaka harakaharaka. Mama anazima swichi kubwa ya ndani kwake, giza tupu, kisha anatoka na simu kwenda kwenye mita yake na kuirekodi kwa dakika mbili. Taa inaendelea kuwaka. Kuna mtu mwingine anakula umeme wake. Ikagundulika kwamba chumba cha uani na pampu ya maji ya jengo zima vimeunganishwa kwenye mita hiyo hiyo. Video hiyo ya dakika mbili, ikionyesha swichi imezimwa, namba ya mita na taa inayowaka, inashinda nusu saa ya maneno. Jambo moja la tahadhari: asiguse waya wala kufungua kisanduku. Mita ni mali ya TANESCO, na anayeifungua anajitafutia kosa lake mwenyewe.

Sasa amlalamikie nani? Watu wengi humwandama dalali kwa sababu ndiye waliyemwona na ndiye mwenye namba ya simu. Naye ndiye rahisi kupotea. Dalali wa mtaani mara nyingi hana ofisi, na biashara yenyewe huenda kwa mnyororo: mwenye nyumba anamwambia msimamizi, msimamizi anamwambia dalali wake, dalali huyo anarusha picha kwenye kundi la madalali, na aliyekupigia wewe ni wa tatu au wa nne ambaye hajawahi kuonana na mwenye nyumba. Ada ya mwezi mmoja inagawanywa kati yao. Wakati mwingine kuna cha juu pia, kodi ikitajwa kubwa kuliko aliyoitaja mwenye nyumba.

Kanuni ya uwakala katika sheria zetu za mikataba inasema kwamba maelezo ya uongo aliyotoa wakala akiwa katika kazi aliyotumwa yana athari kwenye mkataba kana kwamba yametolewa na aliyemtuma. Kwa hiyo jibu la mwenye nyumba kwamba "hayo aliyasema dalali, mimi sikusema" halitoshi, ikithibitika kuwa dalali alikuwa wake. Hilo ndilo la kuthibitisha. Nani alimpa funguo? Mkataba uliletwa na nani? Kodi ilipokelewa dalali akiwa amekaa pale pale? Mwenye nyumba aliwahi kumwambia mpangaji "wasiliana na huyu kijana"? Katika mfano wetu dalali alikuwa na funguo, na msimamizi ndiye aliyeleta mkataba na kupokea kodi huku dalali amekaa naye meza moja. Inatosha kuanzia.

Tena ujumbe wa malipo ya simu usifutwe kamwe. Dalali anajulikana mtaani kwa jina la utani, lakini ujumbe wa kupokea ile 700,000 unaonyesha jina alilosajilia laini. Na mazungumzo ya WhatsApp yahifadhiwe yote, si picha ya mstari mmoja uliochaguliwa. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa kielektroniki unakubalika kama ushahidi, lakini anayeupima ataangalia ulivyotunzwa. Simu yenyewe ibaki, namba ionekane, tarehe zionekane, na kama mazungumzo yamewekwa kujifuta baada ya siku kadhaa, mpangilio huo uzimwe mapema.

Kuna karatasi moja inayoweza kumgeukia mpangaji: mkataba wake mwenyewe. Mikataba mingi ya kupanga inayochapwa steshenari ina kipengele kinachosema mpangaji ameikagua nyumba na ameridhika na hali yake. Watu husaini bila kukisoma. Kipengele hicho hakimsafishi mtu aliyeficha jambo kwa makusudi, lakini kwa yale yaliyokuwa wazi kuonekana kinamkata mpangaji miguu. Isitoshe, mkataba huo hautaji mita 70 mahali popote wala luku ya peke yake. Mwenye nyumba atasema makubaliano ni haya yaliyoandikwa. Ndipo ujumbe wa dalali, wenye tarehe ya kabla ya kusaini, unapokuwa na thamani kubwa.

Barua ya malalamiko iwe fupi na isiwe na tusi hata moja. Neno "tapeli" au "mwizi" humpa mwenye nyumba sababu ya kugeuza mazungumzo yawe juu ya heshima yake, na wapangaji wengi wamepoteza hivyo mwenyekiti aliyekuwa upande wao. Iandikwe kwa mwenye nyumba, nakala kwa msimamizi, dalali na ofisi ya serikali ya mtaa, na anayeipokea asaini kwenye nakala inayobaki. Ya mama yetu ingeweza kusomeka hivi:

"Mzee, shikamoo. Mimi ni mpangaji wako wa ghorofa ya pili tangu tarehe 1 Septemba. Kabla ya kusaini, wakala wako aliniandikia kwamba nyumba haina tatizo, ina luku ya peke yake na ina mita za mraba 70. Nimegundua kwamba dari ya korido inavuja kutoka bafu la juu na uvujaji ni wa zamani, kama picha za fundi zinavyoonyesha. Luku inatumiwa pia na chumba cha uani na pampu ya jengo. Vipimo vya ndani pamoja na roshani ni mita 55.5. Nisingekubali kodi ya 700,000 kama ningejua haya. Naomba ndani ya siku 14 bomba litengenezwe, luku itenganishwe na umeme uliotumika nirudishiwe, na tukae tukubaliane juu ya punguzo la kodi. Ikishindikana, naomba nirudishiwe kodi ya miezi iliyobaki pamoja na ada ya udalali, nami nitahama."

Tazama jinsi kila sentensi inavyojibu swali moja: niliambiwa nini, nimekuta nini, ushahidi uko wapi, nataka nini. Na ile sentensi ya "nisingekubali" ni ya lazima, kwani asiyeathirika na uongo katika uamuzi wake hana cha kubatilisha. Kifungu cha 19 kinampa aliyepotoshwa njia mbili: kuuvunja mkataba, au kuushikilia na kudai awekwe katika hali ambayo angekuwa nayo kama aliyoambiwa yangekuwa kweli. Barua hii imeomba ya pili kwanza na kuacha mlango wa ya kwanza wazi.

Kwa hesabu, madai yake yanaonekana hivi. Punguzo la moja ya tano kwa sababu ya ukubwa ni 140,000 kwa mwezi, yaani 840,000 kwa miezi sita. Hiyo ndiyo sehemu ya kupatana, na akipata nusu yake asilie, kwa sababu tulizoona. Umeme ni wa kurudishwa wote. Akiamua kuondoka mwisho wa Oktoba, miezi minne iliyobaki ni 2,800,000, na ada ya dalali ni 700,000.

Asichelewe. Mtu aliyeujua ukweli Septemba, akaendelea kukaa kimya mpaka Januari, akalipa na awamu ya pili, huhesabiwa kuwa ameukubali mkataba jinsi ulivyo. Kukaa wakati unasubiri jibu la barua si kosa. Kukaa bila barua ndiko kunakoua madai.

Siku 14 zikipita bila jibu, hatua ya kawaida ni serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata. Ieleweke kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Hilo lisimkatishe mtu tamaa, kwani wenye nyumba wengi hawapendi kuitwa kata na hupatana huko. Pasipopatikana mwafaka kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au mahakama, na uchaguzi kati ya vyombo hivyo unategemea kama madai yanahusu haki juu ya nyumba au fedha za mkataba. Hapa ni vema kumwona wakili au msaidizi wa kisheria kabla ya kulipia ada yoyote. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hao, na asiye na uwezo anaweza kusaidiwa bila malipo. Polisi si mahali pake, isipokuwa kama mtu alipangisha nyumba isiyo yake au alipokea fedha na kutoweka. Lalamiko la dari na luku likipelekwa kituoni kwa kawaida litarudishwa kama kesi ya madai, na siku zitakuwa zimekwenda.

Kenya wana kitu ambacho mpangaji wa huko anapaswa kukitumia: Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, inayomtaka wakala awe amesajiliwa na bodi ya usajili. Mpangaji wa Nairobi au Mombasa anaweza kuuliza cheti cha usajili kabla ya kulipa, na akidanganywa na wakala aliyesajiliwa, bodi hiyo ni mahali pa kupeleka lalamiko. Kwa dalali wa Dar anayefanya kazi na simu tu, ulinzi wa mpangaji uko zaidi kwenye maandishi.

Ukweli mwingine ni kwamba wengi hawatazipata zile 2,800,000. Kodi ya miezi sita ikishaingia mkononi mwa mwenye nyumba imeshalipa ada za shule au mkopo wa benki. Kinachopatikana zaidi katika mapatano ni bomba kutengenezwa, luku kutenganishwa, mwezi mmoja au miwili kuongezwa bila malipo, au kuhamishiwa nyumba nyingine ya mwenye nyumba huyo huyo. Kwa familia yenye watoto shuleni, mwezi mmoja wa bure na dari kavu ni matokeo mazuri kuliko kesi ya mwaka mzima, na sioni aibu yoyote kuyakubali, mradi yaandikwe na kusainiwa.

Kwa hiyo wewe unayetafuta nyumba mwezi huu, kabla hujatuma hata shilingi, mwandikie dalali ujumbe wenye maswali matatu: nyumba ina mita ngapi kwa ndani ya kuta, luku hii inatumiwa na nani mwingine, na kuna mahali popote palipowahi kuvuja? Subiri ajibu kwa maandishi. Kisha nenda na futi kamba, mchana, zima swichi kubwa na uitazame taa ya mita, na umwombe mwenye nyumba majibu yale matatu yaandikwe chini ya mkataba kabla ya saini yako. Akikataa kuyaandika, usilipe.